Simba, Mbwa Mlinzi Mzee

Simba, mlinzi mzee, nakusifu gazetini,
Mvi acha zienee, puani hadi shavuni,
Watu wasikukemee, kwa kulala mlangoni,
Nani humu atembee, usimjue nyayoni?

Ngedere wa mahindini, hadi leo hukimbia,
Hawajui mdomoni, meno yamekupungua,
Unabweka kivulini, mkia umetulia,
Uinukie kwa nini, wote wakishasikia?

Tangu darasa la kwanza, ulinifikisha shule,
Njia yote kwenye giza, ukitangulia mbele,
Sasa goti lakuliza, waishia mwembe ule,
Mkia waniagiza: "Kimbia, kengele ile!"

Baba alipougua, ukasusa hata nyama,
Usiku kucha na mvua, getini ukasimama,
Gari lilipotokea, miguu ilitetema,
Dagaa nakupondea, kula, Simba, kula vyema.