Ombi la kusogezewa tarehe ya kukabidhi kazi ya pili ya Takwimu

Alhamisi, 6 Novemba 2025

Kwa Mhadhiri wa Takwimu za Kibiolojia

YAH: KUSOGEZEWA TAREHE YA KUKABIDHI KAZI YA PILI

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa pili. Naomba uniruhusu nikabidhi kazi ya pili Jumatatu tarehe 17 Novemba, saa 6 mchana, badala ya Ijumaa tarehe 14 saa 6 usiku.

Ijumaa hiyohiyo kikundi chetu cha Fiziolojia ya Mimea kinatakiwa kukabidhi ripoti ya maabara. Tulipanda mbegu za mtama na kuzimwagilia maji yenye viwango tofauti vya chumvi, na miche inapaswa kung'olewa ikifikisha siku 14, yaani Jumatano ijayo. Hapo inakaushwa kwenye oveni kwa saa 48 ndipo ipimwe uzito. Kwa hiyo vipimo tutavipata Ijumaa mchana, na ripoti yote iandikwe kati ya hapo na usiku. Mche haungoji, tukichelewa kuung'oa, urefu wa mizizi hautalingana tena na wa vikundi vingine ambavyo matokeo yao yanajumlishwa na yetu. Mhadhiri wa somo hilo tulishamwuliza, na sababu yake ya kutosogeza tarehe ni hiyo.

Kazi yako nimeshaianza. Data nimezisafisha, grafu za sehemu ya kwanza ziko tayari, na nimeziambatisha pamoja na barua hii uone nilipofikia. Kilichobaki ni modeli ya rigresheni, ukaguzi wa masalia na maelezo ya maana ya matokeo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitakia muda. Kukokotoa mteremko wa mstari ni kazi ya dakika chache, lakini kueleza kama mstari wenyewe unastahili kuaminiwa kunahitaji akili iliyotulia, na ulitusisitizia darasani kwamba alama nyingi ziko hapo. Sipendi kukuletea maelezo ya harakaharaka.

Nimechagua Jumatatu kwa kuwa majibu yatajadiliwa darasani Jumatano tarehe 19, hivyo nitakuwa nimekabidhi kabla sijasikia chochote. Ikiwa Jumatatu itakuvurugia ratiba ya kusahihisha, hata Jumapili jioni itanisaidia sana. Wapo wenzangu wanaosoma masomo yote mawili, ila sijatumwa kuwasemea. Ukiona vema kusogeza kwa wote, ni uamuzi wako.

Ningeshukuru kupata jibu kabla ya Jumanne, maana siku hiyo kikundi kinagawana zamu za maabara. Ombi likishindikana, nitaomba zamu ya Jumatano asubuhi tu na kutumia saa zinazobaki kwa kazi yako. Nipo tayari pia kuja ofisini kwako saa yoyote ukihitaji maelezo zaidi.

Wako mtiifu,

Rehema
Mwanafunzi, mwaka wa pili, Sayansi ya Mimea

Kiambatisho: grafu na data zilizosafishwa za sehemu ya kwanza