Mazungumzo ya Wanafunzi katika Kazi ya Kikundi: Tafakuri Tunduizi ya Somo la Kujumlisha Sehemu, Darasa la Tano

Nikiwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye shule moja ya msingi pembezoni mwa Ujiji, mkoani Kigoma, nilifundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kwa wanafunzi 66, niliowagawa katika vikundi 11 vya watu sita sita. Swali lilihusu nusu ndoo ya dagaa iliyoongezwa theluthi moja ya ndoo. Katika andalio la somo niliandika kwamba wanafunzi "watajadiliana". Sikuandika watajadiliana vipi, na kasoro hiyo ilinirudia.

Kikundi cha karibu na mlango kilijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kikapata 2/5. Msichana mmoja, ambaye kwa wiki mbili sikuwahi kumsikia akijibu swali, aliuliza: "Una nusu ndoo, umeongeza dagaa, halafu zipungue?" Mwenzake akabisha kuwa hesabu ndivyo inavyosema. "Basi tumekosea hesabu," akajibu, akachora ndoo na kuigawa mafungu sita. Walifika 5/6 bila yeyote kutaja KDS.

Vygotsky alieleza kuwa mtoto, akisaidiwa na mjuzi zaidi, huweza yale asiyoyaweza peke yake. Maelezo hayo yanaafiki nilichokiona, ila mjuzi hapa hakuwa yule niliyemteua kuongoza kikundi kwa kutazama alama za majaribio. Msichana huyo, kama alivyonieleza baadaye, humsaidia mama yake kuuza dagaa.

Kikundi cha nyuma ndicho kilichonisumbua zaidi. Kiongozi aliandika kila kitu mwenyewe, na kila hatua akauliza, "Tumeelewana?" Wenzake wakaitikia, "Ndiyooo." Jibu lilikuwa sahihi, nami nikawapongeza mbele ya darasa kwa kumaliza wa kwanza, lakini nilipomwuliza mmoja wao ile sita imetoka wapi, alimtazama kiongozi. Kwenye shajara niliandika kuwa mtoto yule anapenda kutawala. Niliposoma tena maandishi hayo nikiikumbuka hoja ya Bandura, kwamba watu hujifunza kwa kutazama vielelezo na kwamba pongezi anayopewa mwingine humvuta mtazamaji aige, niliona aibu kidogo: "Tumeelewana?" ni neno langu, na hata kule kugonga kalamu juu ya dawati ni mimi ninavyogonga chaki ubaoni. Kufikiri kwa sauti, kusita na kujisahihisha sikuwa nimewaonyesha hata siku moja, hivyo hawakuwa na kielelezo chake cha kuiga. Pongezi yangu nayo ilikuwa imetangaza kwamba kinachothaminiwa ni haraka.

Katika kipindi kilichofuata nilikokotoa ubaoni kwa makusudi jibu lisilowezekana, nikalitilia shaka kwa sauti mbele yao, kisha nikaeleza kwamba nitamchagua mwanakikundi yeyote aeleze njia. Kazi ilikwenda polepole, na vikundi vinne havikumaliza. Kiongozi wa nyuma alipouliza tena kama wameelewana, mvulana mmoja alisema, "Mimi bado." Kiongozi aliendelea kuandika.