Yah: Kutopokea nafasi ya Msimamizi wa Ubora wa Mwani, ghala la Paje

Chake Chake, Pemba
12 Septemba 2024

Kwa Meneja,
Ghala la Ununuzi wa Mwani,
Paje, Kusini Unguja.

Bwana Meneja,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai u mzima, wewe na wenzako wa ghalani, pamoja na kina mama wa pwani.

Barua yako ya tarehe 9 ya kunipa nafasi ya Msimamizi wa Ubora nimeipata, na nakushukuru kwa moyo mkunjufu. Baada ya kufikiri na kushauriana na wazee wangu, naomba radhi kukuarifu kwamba sitoweza kuipokea. Jana nimekubali kazi nyingine huku Pemba, na mkataba wake nimeshautia saini.

Asubuhi nilikupigia simu mara mbili bila kukupata. Nilitaka uyasikie haya kwa sauti yangu kabla hujayasoma, na nitapiga tena leo baada ya sala ya alasiri. Nimeona nisingoje mpaka Ijumaa ya tarehe 20, siku ya mwisho uliyonipa ya kujibu. Siku nane hizi zinakufaa wewe zaidi kuliko mimi. Bamvua la mwezi mpevu linaingia wiki ijayo, mwani utavunwa kwa wingi na magunia yatajaa mlangoni. Uliniambia pia kuwa kuna mwenzangu aliyefika nami hatua ya mwisho. Ukimpigia kesho, huenda ukamkuta bado hajashikwa na kazi nyingine.

Unastahili kujua sababu. Mshahara wa shilingi 750,000 na posho ya nyumba mlivyonitajia ni vya haki, wala siandiki ili muongeze. Hata mkiongeza, jibu langu ni hili hili, kwa kuwa ahadi nimeshaitoa. Kilichonivuta ni kazi yenyewe. Kwenu kazi inaanzia pale mwani unapofika ghalani. Huku inaanzia kwenye mbegu. Nitasimamia upandaji wa kotonii kwenye maji makubwa pamoja na vikundi vya kina mama wa Micheweni, kwa mkataba wa miaka mitatu. Unajua mwenyewe hali ya kotonii kwenye maji madogo: kaskazi likiingia na maji yakipata joto, ncha zinakuwa nyeupe, zinalainika, kisha zinakatika na kuchukuliwa na mkondo. Ndiyo maana wakulima wengi wamebaki na spinosamu, ingawa bei yake iko chini. Kutafuta namna ya kuirejesha kotonii ndiko nilikosomea, na nafasi kama hiyo haiji mara nyingi. Tena iko karibu na nyumbani, na mama yangu sasa anahitaji mtu wa karibu.

Ningeweza kuja kwenu tarehe 1 Oktoba kisha nikaondoka kabla muda wa majaribio haujesha. Lakini ningeondoka katikati ya vuli, wakati ghala linamhitaji msimamizi kuliko miezi yote, na wewe ungeanza kutafuta mtu upya huku mvua inanyesha. Hilo nisingelikutendea.

Sasa ya makaratasi, yasije yakakwama kwa ajili yangu. Nakala mbili za mkataba mlizonipa sijazitia saini. Nazirejesha kwenye bahasha kwa boti ya Jumamosi tarehe 14 kutoka Mkoani, zipokelewe bandarini Malindi na kijana wenu wa usafirishaji. Kama atakayepokea ni mwingine, nijulishe kabla ya Ijumaa usiku. Fomu ya ZSSF niliyokwisha kuijaza naomba isipelekwe, nisije nikasajiliwa kwa waajiri wawili kwa wakati mmoja. Kopi ya kitambulisho changu cha Mzanzibari Mkaazi ichanwe pamoja na fomu hiyo. Cheti changu cha diploma na wasifu unaweza kubaki navyo kwenye jalada, ukipenda. Na nauli ya boti mliyonilipia nilipokuja kwenye usaili, shilingi 70,000 kwenda na kurudi, niko tayari kuirejesha. Nitumie tu namba ambayo kampuni inapokelea malipo.

Lipo deni moja ambalo sitaki libaki. Zile siku mbili za majaribio, tarehe 2 na 3, uliniomba nikuandikie niliyoyaona kwenye chanja na kwenye upimaji, nikakuahidi. Kukataa kazi hakuifuti ahadi hiyo, basi nayaandika hapa hapa.

Kubwa ni namna sampuli inavyochukuliwa. Mpimaji anafungua gunia, anachukua konzi moja ya juu, anaipima, basi. Siku ya pili nilichukua gunia moja nikatoa gramu 100 juu na gramu 100 chini, nikazikausha mbali mbali kwenye ile tanuri yenu ndogo mpaka uzito ukaacha kushuka. Za juu zilibaki gramu 66, yaani unyevu asilimia 34, na huo ni mwani mzuri. Za chini zilibaki gramu 58, yaani unyevu asilimia 42. Gunia ni lile lile, na aliyelileta ni mama yule yule. Chukua gunia la kilo 50: likiwa na unyevu wa asilimia 35 lina kilo 32.5 za mwani mkavu kabisa, likiwa na asilimia 42 lina kilo 29. Ghala linalipa bei moja na kukosa kilo tatu na nusu, na hasara haiishii hapo. Gunia bichi likipangwa chini ya mengine kumi linapata joto, linaanza kuchacha, na harufu inahamia kwenye magunia ya jirani yaliyokuwa salama. Sampuli itoke sehemu tatu: juu, katikati na chini, ichanganywe, ndipo ipimwe. Kwa gunia lililoshonwa, toboeni ubavuni na mshone tena; ni kazi ya dakika mbili.

Nakuomba hapa uwe na subira. Kina mama wale hawakuficha mwani mbichi chini. Tatizo linaanzia kwenye chanja. Zile za upande wa kusini nyavu zake zimelegea katikati, mwani unateremka na kurundikana bondeni, wa juu unakauka na kung'aa chumvi huku wa chini unabaki laini kama ulivyotoka majini. Jioni vyote vinakumbwa pamoja ndani ya gunia. Kazeni nyavu, tieni mti mmoja wa kupita chini ya kila chanja, na mwani usitandazwe kuzidi unene wa vidole vinne. Ugeuzwe mara mbili, saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkianza kukata bei kabla hamjatengeneza chanja, mtawapoteza wauzaji wenu bora, maana watapeleka kwa mnunuzi mwingine na hawatokwambia kwa nini. Mizani nayo ielekezwe kwa muuzaji, aone namba kabla haijaandikwa daftarini. Siku ile ilikuwa inamtazama karani peke yake.

Kukausha kupita kiasi nako si sifa. Mwani ulioachwa ukawa unavunjika mkononi unapukutika njiani na kumpunguzia mkulima uzito bure. Unaofaa ukiukamata unajikunja kama mpira, haulowanishi kiganja, na chumvi inabaki kwenye vidole.

La turubai ni dogo lakini lina haraka. Nilihesabu chanja 14 na turubai 6, nazo zimefungiwa stoo yenye ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo akienda kula au msikitini hakuna wa kufungua. Mvua ya vuli inakuja kutoka baharini kwa dakika chache. Mwani uliokauka nusu ukinyeshewa unapauka, chumvi inaondoka, na jeli ambayo kiwanda kinaitafuta inapungua. Kuukausha tena hakuirudishi. Turubai zikae chini ya chanja zenyewe, zimekunjwa na kuwekewa jiwe, na zingine nane zinunuliwe kabla Oktoba haijafika katikati.

Haya ni yenu, yatumieni mtakavyo. Sitarajii malipo, na hayabadili jibu langu.

Kuhusu mtu wa kuishika nafasi, kama yule mwenzangu wa hatua ya mwisho hatopatikana, yupo niliyesoma naye anayeijua kazi ya upimaji vizuri, naye anaishi Unguja. Sikuweka jina lake hapa kwa kuwa sijapata ruhusa yake. Nimeshamweleza, akiridhia atakuandikia mwenyewe kabla ya tarehe 18, na ukimpokea au usimpokee, mimi sitokuwa na neno.

Kazi yangu mpya inaanza tarehe 1 Oktoba. Mpaka siku hiyo, utakayemchagua anaweza kunipigia kwa namba ile ile iliyo kwenye wasifu wangu, nimwelekeze upimaji hatua kwa hatua. Hata baada ya hapo napatikana kwa simu kuanzia saa kumi na moja jioni. Nimemuuliza mwajiri wangu mpya kuhusu hili naye ameridhia, ila takwimu za mashamba yake tu ndizo sitozitoa.

Natamani mawasiliano yetu yasikatike. Kotonii ikishika Micheweni, wakulima watahitaji mnunuzi anayelipa kwa daraja la ubora, na wewe ulinieleza kuwa ndilo unalolitafuta. Mavuno ya kwanza yanayostahili kupimwa yakipatikana, nitaomba kibali kwa mwajiri wangu nikuletee sampuli ya kilo mbili, uione mwenyewe. Mkataba wangu unakwisha Septemba 2027. Ikitokea wakati huo mna nafasi inayonifaa, nitaomba kama waombaji wengine, na nitafurahi kukaa tena kwenye ile meza yenu ya mninga kujibu maswali.

Nisamehe kwa usumbufu niliokutia. Mlinipokea vizuri, mkanipa chai na chakula, na kila swali nililouliza lilijibiwa bila kufichwa. Nifikishie salamu kwa karani wa mizani, na kwa yule bi mkubwa wa chanja ya tatu aliyenionesha namna yake ya kufunga taitai kwa fundo moja badala ya mawili. Mwambie nimeshawafundisha wawili huku, na halifunguki.

Wasalaam,

Zuwena
Chake Chake, Pemba

Viambatanisho: nakala mbili za mkataba zisizo na saini (kwa boti ya tarehe 14), karatasi moja ya vipimo vya unyevu vya tarehe 3 Septemba.