Kubebana kwenda Morogoro, Jumatano tarehe 14: magari 3, viti 12

Salma (Jumapili, saa 2:15 usiku)

Habari za jioni wapendwa. Orodha ya kongamano imekamilika: tuko 15, madereva 3 na abiria 12. Someni mpaka chini kabla ya kuuliza, maana nusu ya maswali ya jana yamejibiwa humu.

Saa zote ni za Kiswahili. Saa 11:00 alfajiri ndiyo ile simu inayoandika 05:00. Wekeni alamu sasa hivi.

GARI LA 1, Noah ya Kaka Kessy, viti 5
Tegeta Kibaoni 10:45, Asha
Africana 10:55, Baraka
Tangi Bovu 11:05, Neema
Goba senta 11:20, Hamisi
Mbezi Mwisho 11:40, Salma

GARI LA 2, IST ya Dada Rehema, viti 3
Mwenge 11:00, Joyce
Mlimani City, upande wa kwenda Ubungo 11:05, Ally
Kimara Mwisho 11:25, Godfrey

GARI LA 3, RAV4 ya Mzee Mbwambo, viti 4
Mbagala Rangi Tatu 10:30, Zuhura
Tazara 10:55, Peter
External 11:10, Upendo
Kibaha Maili Moja 11:55, Mwajuma

Magari yote yanakutana Maili Moja saa 12:00, yanaondoka pamoja 12:10. Usajili ukumbini unafungwa saa 4:00 asubuhi. Kutoka Maili Moja hadi Msamvu tuhesabu saa mbili na nusu hadi tatu, pamoja na dakika 10 za chooni Chalinze. Akiba tuliyonayo ni kama saa moja, na lori moja likilala barabarani inaisha yote.

Kuhusu idadi ya viti, najua mtasema Noah inabeba 7. Inabeba, kama kila mtu anasafiri na pochi. Viti vya nyuma vikifunguliwa vyote, buti linabaki upana wa mkoba wa kompyuta, na sisi tuna maboksi 3 ya vipeperushi na mabango 2 marefu. Kwa hiyo upande mmoja wa nyuma unakunjwa kwa mzigo, upande wa pili anakaa mmoja. IST nayo nyuma ni wawili. Wa katikati atafika Morogoro magoti yakiwa kidevuni, na buti lake halimezi mabegi manne. Begi moja dogo kwa mtu, jamani, ni siku tatu tu.

Mbezi. Kuna Mbezi Beach na kuna Mbezi Mwisho, na kati yao ni mwendo wa Goba nzima. Kituo chetu ni Mbezi Mwisho, barabara ya Morogoro. Ukimwambia bodaboda "Mbezi" tu, akakushusha baharini, gari limeondoka. Na hapo Mbezi Mwisho tusisimame karibu na lango la mabasi la stendi ya Magufuli: wapiga debe watazunguka gari wakidhani ni abiria, na askari hapendi gari binafsi liegeshe hapo. Tembea mpaka utoke kwenye msongamano wa lango, simama upande wa kwenda Kibaha.

Vivyo hivyo Kimara: usibaki upande wa kwenda mjini ukipunga mkono. Vuka mapema, uwe upande wa kwenda Mbezi. Rehema hawezi kugeuza gari pale.

Kusubiri ni dakika 5, basi. Noah ina vituo vitano. Kila kituo kikila dakika 10, Maili Moja itafika saa 12:50, na foleni ya wanaoingia mjini itakuwa imeanza kumwagika hadi upande wetu kila magari yanapokata kona. Anayechelewa anatafuta basi Magufuli kwa gharama yake. Simaanishi ubaya.

MAFUTA. Tumepiga hesabu ya shilingi 3,000 kwa lita ili isipungue. Kwenda na kurudi ni kilomita 400 hivi:
Noah, lita 40: 120,000
IST, lita 29: 87,000
RAV4, kwenda tu, lita 20: 60,000
Jumla 267,000. Safari za abiria ni 21 (12 kwenda, 9 kurudi), kwa hiyo 13,000 kwa safari moja, 26,000 kwa kwenda na kurudi. Nimejumlisha magari yote makusudi, la sivyo wa IST angelipa 29,000 na wa Noah 22,000 wakati wote tunakwenda ukumbi uleule. Zinabaki 6,000, zitaenda kwenye upepo na maegesho. Dereva hachangii, gari lake ndilo mchango wake. Tumeni kwangu kabla ya Jumanne saa 12 jioni, madereva wajaze tenki usiku huo, si alfajiri.

Tunachangia mafuta, hatulipi nauli. Magari haya hayana leseni ya LATRA ya kubeba abiria, na bima ni za matumizi binafsi. Kwa hiyo hakuna kuokota mtu njiani kujazia kiti, hata akiwa shemeji.

Madereva: tairi la akiba lenye upepo (si lenyewe tu), jeki, pembetatu mbili, kizima moto. Mlandizi, Chalinze, Mikese ni 50. Faini ya mwendo haimo kwenye 13,000.

Upendo (saa 2:31 usiku)
Shikamoo Mzee Mbwambo. Salma, RAV4 mbona kwenda tu? Mimi narudi na nani Ijumaa?

Mzee Mbwambo (saa 2:36)
Marahaba mwanangu. Mimi naendelea Dodoma Ijumaa, kikazi. Nilimwambia Salma mapema.

Salma (saa 2:44)
Ndiyo, Mzee alisema, ndiyo maana kurudi kuna orodha yake. Msidhani kiti cha kwenda ndicho cha kurudi. Baraka na Zuhura wanabaki hadi Jumamosi, Peter anarudi na treni ya mwendokasi. Tunabaki 9. Vipeperushi vitakuwa vimegawiwa, hivyo upande wa nyuma wa Noah unafunguliwa, anapata nafasi mmoja zaidi:

Noah, 6: Mwajuma (Maili Moja), Salma na Godfrey (Mbezi Mwisho), Hamisi, Neema, Asha
IST, 3: Upendo (Ubungo), Ally, Joyce

Kuondoka ukumbini Ijumaa saa 8:00 mchana. Godfrey, samahani, unashuka Mbezi Mwisho kisha daladala hadi Kimara. IST inapita kwako lakini imejaa, na Noah inakata kulia... aah, kushoto, kwenda Goba.

Godfrey (saa 2:47)
Haina shida dada. Ila mabango nani anarudi nayo? Yale hayagawiwi.

Salma (saa 2:58)
Umenishika. Mabango yanalala sakafuni, kuanzia mlango wa nyuma hadi chini ya kiti cha katikati. Kessy, pima leo kama yanapita.

Kessy (saa 3:20)
Nimepima kwa fagio, urefu uleule. Yanapita, ila Hamisi atakanyaga bango kwa hiyo akae na soksi.

Hamisi (saa 3:22)
Sawa. Na mimi kituo changu Goba senta ni upande wa nani?

Salma (saa 3:25)
Wa kwenda Mbezi Mwisho, kaka. Unaweza kusoma juu tena?

Zuhura (saa 3:31)
Nimetuma 13,000, kwenda tu. Mzee, Rangi Tatu nitakuwepo 10:25.

Salma (saa 3:33)
Imeingia. Bado 11.