Mzigo wa mabati Njombe: 400 yanaondoka kesho, 200 yanafuata, ankara zitakuwa mbili

Dar es Salaam, 5 Machi 2025

Kaka Mhandisi, habari za kazi, na poleni na mvua za huko. Nakala ya barua hii nimempelekea Mama Neema wa uhasibu, kwa sababu nusu yake inamhusu yeye.

Oda yenu namba 0147 haitaondoka yote kwa pamoja. Kati ya mabati 600 ya buluu, geji 28, mita 3, tayari yapo 400. Koili ya kukunjia 200 yaliyobaki imeshashushwa bandarini lakini kiwanda bado hakijaitoa forodhani. Nimeona si busara kuwasimamishia mafundi kazi kwa ajili ya hayo 200 wakati mengine yamelala ghalani.

Kwa hiyo kesho Alhamisi lori linapakia mabati 400, kofia 60 na misumari ya bati yote kilo 80. Tukijaliwa litafika saiti Jumamosi tarehe 8. Hesabu hii imefuata ramani uliyonitumia: mabati 400 yanaezeka majengo mawili ya madarasa na kuyamaliza. Mabati 200 na kofia 30 zitakazobaki ni za bwalo.

Naomba mgawanyo huo uheshimiwe hata kama fundi ataona bwalo ni jepesi na kutaka kuanza nalo. Mabati yatakayofuata yanatoka kwenye koili nyingine, na rangi ya koili mbili huwa hailingani sawasawa hata zikitoka kiwanda kimoja. Chini huwezi kuona tofauti. Yakishapanda juu na jua likapiga, utaona paa lina kiraka. Jengo zima likiwa la koili moja, hakuna atakayegundua. Kwa sababu hiyo hiyo sikutaka kujazia na buluu ya kiwanda kingine, ingawa nimeipata hapa Kariakoo leo leo.

Awamu ya pili: kiwanda kimeniahidi kukunja ifikapo Jumanne tarehe 18, tupakie Alhamisi tarehe 20, mpokee Jumamosi tarehe 22. Ahadi ya kitu kilichoko forodhani unaijua. Ijumaa tarehe 14 nitakupigia, koili iwe imetoka au haijatoka, ili ujue mapema kama mafundi wa bwalo uwaite au uwaache kwanza. Nauli ya safari ya pili ni juu yetu. Bei tuliyokubaliana ni ya kufikishiwa saiti, na haiongezeki hata senti.

Sasa Mama Neema, shikamoo. Ankara zitakuwa mbili, kila moja kwa mzigo unaosafiri nayo tu. Hamtadaiwa bati ambalo halijafika.

Ankara 3312-A (inasafiri na dereva kesho):
Mabati 400 kwa 34,000: 13,600,000
Kofia 60 kwa 14,000: 840,000
Misumari kilo 80 kwa 6,000: 480,000
VAT asilimia 18: 2,685,600
Jumla: 17,605,600
Kutoa malipo ya awali: 8,000,000
Salio: shilingi 9,605,600

Ankara 3312-B (itakuja na awamu ya pili):
Mabati 200 kwa 34,000: 6,800,000
Kofia 30 kwa 14,000: 420,000
VAT asilimia 18: 1,299,600
Jumla: 8,519,600
Kutoa malipo ya awali: 4,000,000
Salio: shilingi 4,519,600

Ile milioni 12 mliyotanguliza nimeigawa kwa kufuata mabati, theluthi mbili huku na theluthi moja kule. Jumla ya oda inabaki ile ile, shilingi 26,125,200. Risiti ya EFD ya milioni 12 mnayo tayari, msiitoe kwenye faili. Risiti mpya zitakuwa za masalio tu, ili mauzo yasihesabiwe mara mbili TRA, kwenu wala kwetu. Siku 14 za kulipa zinaanza siku mzigo husika unapopokelewa, kila ankara na siku zake.

Kaka, lori likifika hesabuni mabati kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo. Lililokunjika au kuchubuka rangi liandikwe pale pale mbele ya dereva, nami nitaleta mbadala na awamu ya pili. Yapangwe juu ya mbao, upande mmoja ukiwa umeinuka kidogo. Maji yakituama katikati ya mabati yaliyobanana, rangi inaharibika.

Kama mngependa mzigo wote usubiri ili usafiri kwa pamoja, nipigie kesho kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo tutakuwa tumeanza kupakia.

Rehema
Mauzo, Kariakoo