Muhtasari wa Hadidu za Rejea: Tathmini ya Mradi wa Maji, Wilaya ya Chamwino

Muhtasari huu umetokana na hadidu za rejea zenye kurasa 19, ambamo tarehe ya rasimu ilitajwa mara mbili na zikapishana. Zikigongana tena, unafuatwa muhtasari huu. Siku za kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, bila sikukuu.

Kazi ni moja: kueleza kwa nini baadhi ya vituo 48 vya kuchotea maji katika vijiji 12 vimesimama, na kama vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinakusanya fedha za kutosha kuvitengeneza. Usanifu wa miundombinu mipya haumo. Mkataba unaanza Jumatatu, 3 Agosti 2026.

Mshauri atakabidhi vitu vitatu.

1. Ripoti ya awali, isiyozidi kurasa 15, pamoja na madodoso na ratiba ya vijiji: Ijumaa, 14 Agosti. Maoni yetu yatatoka kabla ya 21 Agosti kwisha. Kazi ya uwandani ni 24 Agosti hadi 11 Septemba. Haianzi kabla madodoso hayajakubaliwa.

2. Rasimu ya ripoti, isiyozidi kurasa 40: Ijumaa, 2 Oktoba. Kila kituo kati ya vile 48 kionekane kwenye jedwali: kinatoa maji au la, kimesimama tangu lini, kwa sababu gani. Rasimu iliyoruka hata kituo kimoja hatutaihesabu kuwa imepokelewa. Maoni yetu: 9 Oktoba.

3. Ripoti ya mwisho, takwimu ghafi zisizo na majina ya waliohojiwa, na muhtasari wa kurasa 2 wa kusomwa kwenye mikutano ya vijiji: Ijumaa, 23 Oktoba. Sikukuu ya 14 Oktoba tumeizingatia. Jibu letu: 30 Oktoba.

Malipo. Ada yote ni Sh 24,000,000, usafiri na posho za wakusanya takwimu zikiwemo, hakuna nyongeza. Ripoti ya awali ikikubaliwa, Sh 4,800,000; rasimu, Sh 9,600,000; ripoti ya mwisho, Sh 9,600,000. Kila awamu itakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, hivyo zitakazoingia benki ni Sh 4,560,000, kisha 9,120,000 mara mbili. Cheti cha kodi hiyo tutakitoa.

“Kukubaliwa” maana yake ni barua pepe ya meneja wa mradi inayosema hivyo. Tukinyamaza hadi tarehe yetu ya maoni ipite, kazi imekubaliwa. Mshauri asiadhibiwe kwa uzito wetu. Fedha zitalipwa ndani ya siku 15 za kazi tangu tupokee ankara na risiti ya EFD, vyote viwili.

Mshauri akichelewa, awamu husika itapungua asilimia 1 kwa kila siku ya kazi, isizidi asilimia 10. Ucheleweshaji uliosababishwa nasi, au barabara iliyokatika kwa mvua, hautahesabiwa, ilimradi utaarifiwe kwa maandishi ndani ya siku 2 za kazi.