Shajara ya Bwana Kiaga: usiku aliokuja mama yake Nwoye

(Bwana Kiaga ni mwalimu wa kanisa la Mbanta katika Shujaa Okonkwo, riwaya ya Chinua Achebe iliyofasiriwa na Clement Ndulute.)

Mbanta. Jumapili, usiku

Kijana amelala kifudifudi kwenye mkeka wa darasani, maana mgongo wake hauguswi. Nimempaka mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo. Shingoni zipo alama za vidole vya baba yake, na mabegani pana mapigo mawili au matatu ya gongo zito. Amenihadithia kwa maneno machache: Amikwu, ndugu wa baba yake, alimwona asubuhi akiwa kati yetu, akapeleka habari nyumbani. Nwoye aliporudi alasiri akaingia kumsalimu baba yake, hakuitikiwa, akakabwa. Wanawake walikuwa nje wakipiga mayowe, hakuna aliyethubutu kuingia. Mzee Uchendu, mjomba wa baba yake, ndiye aliyefoka, na mkono ukalegea. Kijana akatoka, akaja moja kwa moja hapa kuniambia kwamba anataka kwenda Umuofia, kwenye shule ya Bwana Brown, mmisionari Mzungu.

Nilifurahi, na furaha ile naiandika bila kuipunguza. Tangu tupewe kipande hiki cha Msitu Mwovu, watu wakingoja mizimu yake ituue, wakihesabu siku zetu hadi 28 zilipoisha na sisi tu hai, nimewapokea wengi, lakini huyu nimemwombea kwa jina. Alikuwa akisimama njiani mbali, akijifanya anapita, nyimbo zikianza anasita. Nilimwekea mkono kichwani nikamwambia maneno ya Bwana: heri amwachaye baba yake na mama yake kwa ajili yangu. Aliinamisha kichwa. Nadhani hakuyaelewa yote. Alichoelewa ni kwamba hatarudi kwa baba yake, na uso wake ulionyesha nafuu.

Hayo ndiyo yatakayosimuliwa, na ni kweli. Mtoto wa Okonkwo amejiunga na watu wa kanisa: kesho habari hiyo itavuka soko, itafika Umuofia kabla ya Nwoye mwenyewe. Watazungumza juu ya baba na hasira yake, wengine watamcheka, wengine watamhurumia. Lakini usiku huu amenijia mtu ambaye hakuna atakayemtaja.

Taa ilikuwa karibu kuzimika nilipomsikia Nneka, muumini wetu, akiniita nje. Nneka hana woga wa msitu huu. Mwanamke aliyezaa mapacha mara 4, na mara zote akawaona wakichukuliwa kutupwa, ataogopa giza gani? Nyuma yake alisimama mwanamke mwingine aliyejitanda nguo hadi kichwani, akitetemeka mwili mzima. Kwake kila mti hapa una mkazi wake. Alikuja hivyo hivyo, usiku, bila kijinga cha moto mkononi.

"Huyu ni Mama Nwoye," Nneka akasema.

Sikumwamsha kijana, alinikataza kwa mkono. Alipiga magoti kando ya mkeka, akamtazama shingoni, akavuta harufu ya mafuta, akaniuliza kama nimeyachemsha sana. Kisha akatoka nje tena, akaketi chini ya ukingo wa paa. Hakutaka kusema ndani ya kanisa. Alikuwa na viazi vikuu viwili vya kuchoma vimefungwa kwenye jani, akaniwekea mkononi kwa ajili ya safari. Alijua kuhusu Umuofia. Nneka alikuwa amemwambia, pamoja na maneno niliyomwambia kijana.

"Mzee Uchendu hutuambia," akasema, "mtoto akipigwa na baba hukimbilia kibanda cha mama. Mume wangu mwenyewe alipofukuzwa kwao amekimbilia hapa, kwa ndugu za mama yake, na wamempa ardhi na mbegu. Wangu amepigwa, amepita mbele ya mlango wangu, amekuja kwako. Wewe ukasema heri amwachaye baba na mama. Baba naelewa, mwalimu. Mama amemkosea nini mungu wako?"

Nilimjibu kwamba maneno si yangu, ni ya Bwana, na hayasemi kwamba mama amekosa.

"Lakini yanamchukua," akasema.

Nilinyamaza. Watu wa Mbanta wameniuliza maswali magumu kuliko hilo, ya miungu yao na ya mwana wa Mungu asiye na mama wa kimungu, na sikutikisika. Hili liliulizwa na mtu asiyetaka kushinda. Nilimwambia kwamba kijana anakusudia kurudi kwa mama yake na nduguze akishasoma. Ndivyo alivyoniambia jioni. Mama akatikisa kichwa kama anayepokea kitu kidogo kwa adabu.

Halafu akaniuliza kama kijana amewahi kumtaja Ikemefuna.

Jina hilo nilikuwa nimelisikia mara moja tu, leo, alipokuwa nusu usingizini. Nilidhani ni ndugu yake. Mama akasema, "Ni ndugu yake," kisha akanieleza, na ninaandika kama alivyonieleza.

Huko Mbaino waliua binti wa Umuofia sokoni. Ili vita visije, Mbaino wakatoa msichana, akawa mke mahali pa marehemu, na mvulana wa miaka 15. Mvulana akakabidhiwa Okonkwo, naye akamkabidhi mke mkubwa. Mama Nwoye aliuliza tu mtoto atakaa siku ngapi, akajibiwa afanye alivyoambiwa, tangu lini amekuwa mmoja wa wazee wa Umuofia? Basi hakuuliza tena. Mvulana hakula. Mwenye nyumba alimsimamia na gongo mpaka akameza, akatoka nje akatapika, na Mama Nwoye ndiye aliyemshika kifua na mgongo. Aliugua majuma 3 ya soko. Alipopona akawa kama mtoto aliyezaliwa pale: akichonga filimbi za mwanzi, akijua jina la kila ndege, akijua mti gani hutoa upinde mgumu. Nwoye alimfuata kila aendako. Miaka 3.

"Nwoye alikuja mbio kuniambia kaka anarudishwa kwao. Nilikuwa nasaga pilipili. Mchi ulinianguka."

Alisema "maskini mtoto", basi. Alijua palepale. Wanaume walikuja na mapanga, wamevaa kama watu wanaotembelea kijiji jirani, mvulana akatwishwa mtungi wa tembo kichwani. Wakapita. Usiku mumewe alirudi, na kwa siku 2 hakuonja chakula, alikunywa tembo tangu asubuhi mpaka usiku, macho mekundu. Watoto waliambiwa hakuna kitu. Nwoye hakuambiwa na mtu, alimtazama baba yake mlangoni akajua. Tangu hapo, mama akasema, mwanangu alikuwa akikaa nami na hayupo.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomleta kijana. Nilidhani ni mafundisho ya Utatu, ambayo nimeyahangaikia sana kuyafasiri. Sasa naukumbuka ule wimbo wa ndugu waliokaa gizani na katika hofu, siku ya kwanza kabisa, na jinsi alivyosimama akiusikiliza. Alikuwa akimtafuta mmoja tu kati ya hao ndugu. Simwoni mdogo kwa hilo. Wako waliokuja kwa Bwana kwa sababu ndogo zaidi.

Lakini mama hakuja kunieleza habari za Nwoye. Alikuja na ombi, na alilizunguka sana kabla ya kulitoa.

Mbanta iko mpakani mwa Mbaino. Tangu uhamisho huu uanze, yeye amekuwa akiishi umbali wa matembezi tu kutoka kwenye nyumba alikozaliwa yule mvulana. Wanawake wa huko huja kuuza kwenye masoko yetu. Kila anapopima mihogo au chumvi hutazama nyuso: yule mwenye nyusi zile, je, ndiye? Ikemefuna alikuwa akiwaza kama mama yake bado yu hai, na alikuwa na dada mdogo wa miaka 3 aliyemwacha, akimsimulia Mama Nwoye habari zake kila mara wakimenya viazi. Mama yake Ikemefuna alilia mwanawe alipochukuliwa. Hakuna aliyewahi kumpelekea habari. Kwa Umuofia shauri lilikwisha Mzimu wa Vilimani na Mapangoni uliposema neno lake, kwamba mvulana auawe, naye huko labda bado anamhesabia mwanawe umri, anajiuliza kama ameoa.

"Mimi siwezi kwenda. Mimi ni mke wa mkono ule. Wewe huna ukoo hapa, unatembea popote, na watu wako wanaingia Mbaino kuimba. Mtafute."

Nilimuuliza nimwambie nini. Alikuwa ameshayapanga, nadhani kwa miaka. Nimwambie alilala karibu na moto. Nimwambie mara ya kwanza alipocheka alicheka kwa sababu ya mbuzi. Nimwambie alikuwa akimtaja. Nimwambie kuna mwanamke wa Umuofia aliyeangusha mchi na hakupiga kelele, na kama angepiga kelele wangeichukua sauti yake pia, ila hilo la mwisho akaniambia nisiliseme, akaliondoa.

Nikauliza: na akiniuliza ni nani aliyemuua?

Nneka alimshika bega. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema nimweleze kweli yote, kwamba amechoka na nyumba ambamo jina la mtoto halitajwi.

Alinisihi nisimwambie Nwoye kwamba amekuja. Kijana akijua atasita, na akisita atarudi, na akirudi atauawa au ataua. Nimwache aende. Viazi nimwambie vimetoka kwa Nneka. Kisha akataka kujua kama kitabu hiki ninachoandikia kinaweza kushika jina la mtu aliyekufa bila kuleta madhara. Nikamwambia ndiyo. Akasema liandike. Nimeliandika hapo juu, na mbele yake nililiandika tena peke yake, kwenye ukurasa wa mwanzo, herufi kubwa. Aliligusa kwa kidole, wino ukamshika.

Waliondoka kabla jogoo wa kwanza hajawika.

Alfajiri kijana atafuatana na wale wawili wanaopeleka nakala za katekisimu Umuofia. Barua ya Bwana Brown nimeimaliza: inasema jina lake, ukoo wake, kwamba ana akili nyepesi na mgongo utapona. Nimemwomba amfundishe mwenyewe, asimwache kwa wale wanaopenda kuwadhihaki wazee. Ya Mbaino sikuyaandika humo. Bwana Brown ni mtu mwema, lakini atataka iwe safari ya kuhubiri, na mwanamke yule hajaniomba nimhubirie mwenzake.

Nitakwenda siku ya soko la Afo, Nneka atakuja nami, kwa kuwa habari ya namna hii haipasi kusemwa na mwanamume peke yake. Tutaanzia visimani. Dada yule sasa atakuwa msichana wa kuteka maji, na kama ana nyusi alizonieleza hatutahitaji kuuliza wengi. Kwa mama nitaanza na moto na mahali alipolala, nitafuata na mbuzi. Nitangoja aniulize yeye mwenyewe lile jingine, na akiuliza nitamjibu.